Mtoto amepona mafua, lakini usiku bado hataki kuachwa kitandani

Swali: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miezi 9, kilo 8.5. Alikuwa analala saa 2 usiku, anaamka kunyonya mara moja tu kama saa 9, kisha analala mpaka asubuhi. Wiki iliyopita akapata mafua na homa. Zahanati walimpima malaria, hana. Usiku tulimbeba, tukamlaza kifuani, akanyonya kila alipolia. Homa imekata siku 3 sasa, kikohozi kidogo bado kipo, ila anaamka mara 5 na ukimweka kitandani analia. Nimrudisheje kwenye ratiba? Na akiugua tena nifanyeje usiku?

Jibu: Marahaba, Mama, na pole kwa kukesha. Kabla ya kugusa ratiba, hakikisha kwamba anayeamka ni mtoto aliyepona. Homa iwe imekata angalau saa 24 bila dawa, na kwako hilo limeshatimia. Mtazame anaponyonya: akiweza kuendelea bila kuachia titi kila mara ili avute pumzi, pua imefunguka. Kikohozi usikisubiri kiishe, maana baada ya mafua kinaweza kubaki wiki 2 hadi 3 huku mtoto akicheza na kula vizuri.

Kitu kinachonifanya nikuulize zaidi ni hicho kilio cha kuwekwa kitandani. Mafua mara nyingi hufuatiwa na maambukizi ya sikio la kati, na mtoto mwenye sikio linalouma huumia zaidi akilala chali. Mjaribu mchana, akiwa amechangamka: mlaze kwenye mkeka, cheza naye dakika chache. Akitulia na kucheka akiwa amelala hivyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba usiku anataka mikono yako tu. Akilia kila anapolazwa hata mchana, akivuta sikio, homa ikirudi, au sikio likitoa uchafu, mpeleke akachunguzwe masikio kabla ya kufikiria ratiba. Sikio linalouma halizoeshwi.

Akiwa salama, anzia mchana. Wazazi wengi huanza na saa 8 usiku, saa ambayo wamechoka kuliko zote, na mtoto naye kalala ovyo siku nzima. Mwamshe asubuhi saa ileile kila siku, tuseme saa 12 na nusu, mpeleke kwenye mwanga, mpe titi. Umri wake bado unahitaji usingizi wa mchana mara 2: wa kwanza kama saa 3 na nusu asubuhi, wa pili kama saa 8 mchana, na huo wa pili usivuke saa 10 jioni. Siku mbili za mwanzo anaweza kulala zaidi kwa sababu mwili bado umechoka. Mwachie ule wa asubuhi urefuke, lakini wa jioni uukate.

Halafu chakula. Mtoto akitoka kuugua huwa na njaa ya kufidia, na hiyo si tabia mbaya. Kwa wiki 2 mwongezee mlo mmoja kwa siku, uji mzito wenye karanga zilizosagwa laini au ndizi iliyopondwa na samaki asiye na miiba, na titi mchana lisipungue. Ukimnyima usiku kabla ya kumshibisha mchana, ataamka kwa haki yake.

Usiku, sikiliza anavyonyonya. Mwenye njaa utamsikia akimeza kwa dakika kadhaa mfululizo, pengine atataka na titi la pili. Anayetafuta kutulizwa humeza mara mbili tatu, kisha anachezesha midomo tu huku macho yakifumba. Tuseme sasa anaamka saa 4, saa 6, saa 8, saa 9 na nusu na saa 11. Acha titi la saa 6 na la saa 9 na nusu. Kwa hizo nyingine 3, anayekwenda awe baba au bibi, mtu asiye na harufu ya maziwa: amwekee mkono kifuani, amguse taratibu, aseme maneno yaleyale, taa isiwashwe. Akizidisha kilio ambebe mpaka anyamaze, kisha amrudishe kabla hajazama usingizini. Hakuna haja ya kumwacha alie peke yake. Baada ya usiku 3 hivi, sogeza lile la saa 6 kwa kupunguza muda wa kunyonya kidogokidogo mpaka libaki la saa 9 alilokuwa nalo. Usiku wa pili unaweza kuwa mgumu kuliko wa kwanza. Usibadili mpango kwa sababu hiyo. Ila kadi ya kliniki ikionyesha uzito umeshuka, usipunguze titi lolote mpaka uzito urudi.

Sasa akiugua tena. Usiku wa homa mpe titi kila anapotaka, maana pua iliyoziba humfanya anyonye kidogo kidogo na anahitaji maji mwilini. Dakika 15 kabla ya kunyonya, tone 2 za maji ya chumvi ya pua ya duka la dawa kila tundu, subiri dakika moja, kisha vuta kamasi kwa kipira. Homa ikimsumbua, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Kwa kilo 8.5, chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5 unampa mililita 5, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa kila mara, kwani ipo pia ya miligramu 250 kwa mililita 5, na hiyo kwa kipimo kilekile ni dawa maradufu. Pima kwa bomba lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Akiwa amelala vizuri, usimwamshe kwa ajili ya dawa ya homa. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, na dawa za kupaka zenye mentoli au kafuri zisitumike kabla ya miaka 2.

Alale chali, godoro likiwa bapa, bila mto wa kuinua kichwa, ndani ya chandarua, na nguo nyepesi badala ya mablanketi. Kumbeba kifuani ni sawa mradi aliyembeba yuko macho. Kusinzia naye kwenye kochi ndiko kunakoua watoto, hivyo pokezaneni zamu kabla mmoja hajaishiwa nguvu.

Mhesabu pumzi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Kwa umri wake, 50 au zaidi ni dalili ya nimonia, hata kama homa ni ndogo. Hapo nenda hospitali usiku huohuo. Nenda pia kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea usiweze kumwamsha vizuri. Na kila homa mpya ipimwe malaria, hata kama mafua yanaonekana wazi.

Siku hizo za ugonjwa saa zitavurugika, na ziache. Ulicho nacho cha kushikilia ni mpangilio wa jioni: kumfuta mwili, nguo za kulalia, titi, maneno yako yaleyale, kitanda chake kilekile hata kama ni kwa nusu saa ya mwanzo tu.