Maswali na Majibu: Mtumishi Anapoazimwa na Shirika Mshirika

Tunampeleka afisa wetu wa ufuatiliaji na tathmini kwa mshirika wetu Mtwara kwa mwaka mmoja. Wao wanataka asaini mkataba wao wa ajira. Ni sawa? (Afisa utumishi, Dodoma)

Si sawa. Akisaini mkataba wao, hamjamwazimisha, mmemhamisha. Mwisho wa mwaka hakutakuwa na karatasi inayowalazimu kumpokea, na yeye atabaki na waajiri wawili ambao kila mmoja anamwelekeza kwa mwenzake.

Mnachohitaji ni mkataba wa kuazimwa wenye saini tatu: yenu, ya mshirika, na ya afisa mwenyewe. Saini hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Wakurugenzi wawili wanakubaliana, halafu mtumishi anakabidhiwa barua ya kwenda kuripoti Jumatatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inataka mabadiliko ya maelezo ya ajira yake, mahali pa kazi pakiwemo, yafanywe kwa kushauriana naye na ajulishwe kwa maandishi. Basi kifungu cha kwanza kisomeke hivi: "Mtumishi anabaki mwajiriwa wa shirika mama kwa kipindi chote cha kuazimwa."

Kabla ya kuandika tarehe ya mwisho, toeni mkataba wake wa ajira kwenye faili muusome. Kama ni wa muda maalumu unaoisha tarehe 31 Desemba, na nyinyi mnamwazimisha hadi tarehe 30 Juni, kuna miezi sita ambayo mshirika atakuwa ameazima mtu asiye na mwajiri. Huisheni ule wa ajira kwanza.

Mshahara alipe nani? Mshirika anasema atalipa yeye moja kwa moja kwa kuwa ndiye anayemtumia. (Mhasibu wa shirika lisilo la kiserikali, Arusha)

Nakushauri muendelee kulipa nyinyi, kisha mshirika awarejeshee kwa ankara ya kila mwezi au kila robo mwaka. Hapo PAYE inaendelea kuwasilishwa TRA kabla ya tarehe 7 kama kawaida, michango ya NSSF haikatiki, na mtumishi haoni tofauti yoyote kwenye hati yake ya mshahara.

Ugomvi huzaliwa kwenye maneno "mshirika atarejesha mshahara". Chukua mtumishi wa shilingi 1,800,000 kwa mwezi kabla ya makato. Juu yake nyinyi mnachangia NSSF asilimia 10, yaani 180,000, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5, yaani 9,000. Gharama yenu halisi ni 1,989,000, na hapo sijagusa bima ya afya, wala SDL kama mnawajibika kuilipa. Mshirika akirejesha 1,800,000 kama mkataba unavyosema, kila mwezi mnabaki na pengo la 189,000. Kwa mwaka ni 2,268,000, na hakuna bajeti mliyoitenga kwa ajili hiyo. Andikeni "gharama kamili za ajira", kisha zitajeni moja moja pamoja na siku ambazo ankara itapaswa kulipwa. Ongezeni kwamba mshirika akichelewa kulipa, mtumishi halali njaa: mshahara wake unatoka tarehe ile ile, na deni ni la mashirika mawili.

Kuna posho pia. Mara nyingi mwenyeji hutaka kumwongezea mtumishi kitu kidogo mkononi. Posho ya kila mwezi ya kufanya kazi ni kipato cha ajira na inatozwa kodi, hivyo ipitie kwenye orodha yenu ya mishahara.

Na jambo hili wewe mhasibu ndiye utakayeulizwa na mkaguzi. Kama mshahara wa mtu huyu umo kwenye bajeti ya mfadhili wenu, mwondoe humo kuanzia siku anapoondoka. Taimshiti inayoonyesha yuko kwa mshirika, huku mradi wenu wa Arusha umebeba mshahara wake na mshirika naye anaurejesha, ni gharama moja iliyolipwa mara mbili. Mfadhili ataidai.

Nimeazimwa. Mkuu wa huku ananipangia kazi, mkuu wa kwetu anataka ripoti kila Ijumaa. Likizo nimeomba huku, kwetu wanasema hawaitambui. Nimsikilize nani? (Dada, Mwanza)

Kwa kazi za kila siku, msikilize wa huko. Yeye ndiye anayekupangia, anayekukagua, na anayejua lini ukiondoka kazi italala. Kwa mambo ya ajira yenyewe, yaani mshahara, nidhamu na kupandishwa daraja, mkuu wako ni wa kwenu.

Likizo iko katikati, ndiyo maana imekukwama. Zile siku 28 za mwaka zinatoka kwa mwajiri wako, lakini tarehe za kwenda lazima zimfae mwenyeji. Utaratibu unaofanya kazi ni fomu moja: msimamizi wa huko anaidhinisha tarehe, halafu inatumwa kwenu kukatwa kwenye salio. Ripoti ya Ijumaa waombe waibadilishe iwe ya mwezi, nakala moja kwa wote wawili. Hakuna mtu mwenye akili anayeandika ripoti mbili za kazi moja.

Ujue pia kwamba mwenyeji hana mamlaka ya kukufukuza. Akiona umekosea, anaandika kwa shirika lako, nalo ndilo linalokuita kwenye kikao cha nidhamu. Anachoweza ni kuomba urudishwe, kwa notisi iliyo kwenye mkataba.

Muda wangu uliisha miezi miwili iliyopita. Bado nipo kazini huku, mshahara unaingia, na hakuna aliyeandika chochote. (Msomaji, Morogoro)

Mshahara kuingia kusikutulize. Mshirika anaweza wakati wowote kusema miezi hiyo miwili hakuiomba na hairejeshi fedha, na shirika lako likaanza kuuliza ulikuwa wapi. Andika barua pepe leo kwa wote wawili, utaje tarehe ya mwisho iliyomo kwenye mkataba, kwamba umeendelea na kazi kwa maelekezo ya fulani, na kwamba unaomba nyongeza ya mkataba au maelekezo ya kurudi. Nyongeza iwe na tarehe mpya na saini zile zile tatu, na itamke kwamba inaanzia siku ule wa kwanza ulipoisha.

Nimerudi baada ya miezi 18. Nafasi yangu kapewa mtu mwingine, na afisa utumishi ananiambia nikae nyumbani wataniita. (Kaka, Dar es Salaam)

Usikae tu. Kwanza dai kwa maandishi upangiwe kazi, ukisema umeripoti tarehe fulani na uko tayari. Angalia kifungu cha kurudi kwenye mkataba wako. Kikisema utarudi "katika nafasi yako au nyingine ya daraja na mshahara usiopungua", hawawajibiki kumwondoa aliyeko, ila wanawajibika kukupa inayolingana nayo. Kisiposema kitu, bado wewe ni mwajiriwa wao, na miezi 18 inahesabika kwenye utumishi wako kama mingine yote.

Wakisema hakuna nafasi kabisa, huko ni kupunguza wafanyakazi, na kuna hatua zake: wakupe notisi ya kusudio hilo, waeleze sababu, na washauriane nawe kabla ya kuamua. Kiinua mgongo kwa sheria ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10.

Tunza tarehe. Ukiachishwa, una siku 30 za kufungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro mingine, kama huu wa kutopangiwa kazi, ni siku 60. "Wataniita" isiyo na barua inaweza kuzila siku hizo zote ukiwa umekaa sebuleni.