Ile meseji ya "bosi naomba likizo" igeuze barua kabla tumbo halijakuwa kubwa

Mimba yangu ya mwanzo likizo niliiomba kwa WhatsApp. Niliandika hivi: "Asalaam alaykum bosi, si unajua hali yangu, naona mwezi wa nne hivi n'taanza kukaa nyumbani, nikishajifungua n'takuja inshaallah, kazi zangu shoga yangu wa mapokezi atanishikia." Akajibu "sawa hamna shida" na mie nikaamini yamekwisha. Kumbe yule bosi akaondoka mie niko ndani na mtoto wa wiki tatu, aliyekuja akafungua faili langu hakuna hata karatasi moja, mshahara wa mwezi ule haukuingia. Nikawa namuonesha mtu skrinshoti ya simu huku nanyonyesha, wallahi nililia.

Ya pili, 2025, nilikaa nikaichambua ile meseji neno neno. "Mwezi wa nne hivi" si tarehe. "Nikishajifungua n'takuja" si tarehe. Na "atanishikia" hakuna ajuaye anashika nini.

Tarehe nikaanza na kadi ya kliniki, makadirio yangu yalikuwa 16 Aprili. Nilitaka kutoka Jumatatu ya wiki ya kabla yake, ila Jumatatu hiyo, tarehe 7, ni Siku ya Karume watu hawako kazini, basi nikaweka Jumanne tarehe 8. Mkataba wangu unasema siku 90, na hapa wengi hukosea, wanahesabu miezi mitatu wanaandika watarudi tarehe ile ile. Siku 90 zihesabu kwa kalenda na siku ya mwanzo nayo imo: Aprili 23, Mei 31, Juni 30, hizo 84, bado 6, inaishia Jumapili 6 Julai. Kesho yake Sabasaba, kwa hiyo kurudi ni Jumanne 8 Julai. Ungeandika "narudi tarehe 7" ungekuta geti limefungwa.

Na tafadhali musikopi barua za mtandaoni bila kusoma, nyingi ni za Bara, zinataja siku 84 na vifungu vya sheria yao, sisi Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, wewe taja mkataba wako tu inatosha.

Barua yenyewe niliipeleka 6 Januari, miezi mitatu kabla, kiini chake hiki:

"YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA UZAZI
Naomba likizo ya uzazi ya siku 90 kwa mujibu wa mkataba wangu wa ajira, kuanzia tarehe 8 Aprili 2025 hadi tarehe 6 Julai 2025. Nitaripoti kazini tarehe 8 Julai 2025. Makadirio ya kujifungua ni tarehe 16 Aprili 2025 (nakala ya kadi ya kliniki imeambatanishwa). Endapo nitajifungua kabla ya tarehe 8 Aprili, naomba likizo ihesabiwe kuanzia siku ya kujifungua. Mpango wa makabidhiano ya kazi umeambatanishwa."

Ile sentensi ya "endapo" msiiache, mtoto haangalii kalenda ya ofisi. Kwa akina baba ndiyo kabisa, likizo yao ni ya siku chache na hawajui itaanza lini, mume wangu aliandika "kuanzia siku mke wangu atakapojifungua, inayokadiriwa kuwa kati ya tarehe 9 na 23 Aprili" na akataja mtu wa kumpokea kazi siku yoyote katika hizo.

Sasa makabidhiano. Mie niko akaunts hotelini, kazi zangu kubwa tatu: malipo ya wauzaji kila Alkhamisi, mishahara, na michango ya ZSSF. Kila moja nikaandika nani anaichukua kwa cheo chake, inafanywa siku gani, faili liko wapi na nani anasaini. Kosa nililokuwa nataka kulifanya ni kukabidhi wiki ya mwisho, lakini ile ilikuwa baada tu ya Idi, na kabla yake ni mwisho wa Ramadhani, nani atakusikiliza? Nikaanza 10 Machi, mwenzangu akafanya mishahara ya Machi yote kwa mkono wake mie nimekaa pembeni, na hapo ndo tukagundua hana ruhusa ya kuingia kwenye malipo ya benki. Ningempa tu paswedi yangu ingekuwa rahisi, ila kila kitu kingesomeka kwa jina langu na mie niko uzazini, basi tukamuombea yake, ikachukua siku tisa. Hebu fikiria tungeligundua hilo tarehe 25 Aprili na watu wanasubiri mshahara.

Chapa barua mbili. Moja wanabaki nayo, nyengine wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe, uende nayo nyumbani. Yangu niliiweka pamoja na kadi ya kliniki kwenye mkoba wa hospitali.