Alama sitini, majibu mawili

Swali: Nimesikia unaweza kujua bwawa lina samaki wangapi bila kuwavua wote. Unatia wachache alama, unawarudisha, unavua tena. Hesabu inakwendaje, na nitajuaje kama imenidanganya?

Jibu: Tuchukue mvuvi mmoja wa kubuni. Anavuta wavu kwenye kona ambako samaki wamezoea kulishwa, anapata 60, anamkata kila mmoja ncha ndogo ya pezi la mkia, kisha anawaachia palepale. Kesho yake asubuhi anarudi kona ileile. Anapata 80, na 40 kati yao wana alama.

Hoja yake ni hii: ikiwa nusu ya samaki alioshika wana alama, basi nusu ya samaki wote bwawani wana alama. Wenye alama ni 60, kwa hiyo wote ni 120.

Hapo ndipo hesabu imemdanganya. Samaki wenye alama hawakupata muda wa kutawanyika, na wavu umerudi kuwafuata walikoachiwa. Akawarejesha wote 80 majini, akasubiri wiki moja, kisha akavuta wavu pande zote nne za bwawa. Safari hii pia alipata 80, ila wenye alama walikuwa 12 tu:

60 × 80 ÷ 12 = 400

Kilichomtuliza zaidi ni kwamba kila upande ulitoa karibu samaki 20, na wenye alama walikuwa kati ya wawili na wanne, hakuna upande uliozidi sana. Kama upande mmoja ungetoa kumi na mwingine usitoe hata mmoja, ningemwambia asubiri tena.

Hata hivyo 400 ni makadirio. Wangetokea 15 wenye alama, jibu lingekuwa 320. Wangetokea 10, lingekuwa 480. Wenye alama wakiwa wachache, samaki wawili watatu tu wanayumbisha hesabu nzima.

Sasa vifo. Tuseme samaki 10 walikufa kwa majeraha ya kukatwa pezi. Wenye alama waliobaki ni 50, na hesabu sahihi ni 50 × 80 ÷ 12, yaani kama 333. Yeye aliyetumia 60 amezidisha. Kosa hilohilo hutokea pezi likiota upya kiasi cha kutotambulika, au samaki aliyewahi kunaswa akijifunza kuukwepa wavu. Ndiyo maana wiki moja inafaa lakini miezi kadhaa haifai: pezi huota, wengine huzaliwa, na mvua ikijaza bwawa samaki huingia na kutoka.

Na matundu ya wavu nayo yana neno. Vifaranga waliopenya hawakutiwa alama wala hawakuvuliwa mara ya pili, kwa hiyo hawamo kabisa katika zile 400. Akitaka idadi yao, atafute wavu wa matundu madogo na awahesabu peke yao kwa njia hiyohiyo, bila kuwachanganya na wakubwa.