Kuwaambia watu unatafuta kazi bila kuonekana unaombaomba

"Kampuni imefuta idara yetu ya uhasibu nami nimepunguzwa. Nawaambiaje ninaofahamiana nao bila kuonekana nimekwama?"

Pole, ndugu. Kinachowaponza wengi ni ile sentensi ya "kazi yoyote nitashukuru". Anayeisoma hajui akukumbuke kwa nafasi gani, na kwa kuwa hana kazi ya kukupa, anaona aibu hata kujibu. Omba taarifa badala ya kazi, na mwandikie kila mtu kivyake. Kwa mfano:

"Habari za siku nyingi, Salma. Idara yetu ilifungwa mwezi uliopita, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Natafuta nafasi ya ukaguzi wa ndani, hasa kwenye kampuni za usafirishaji. Kwa kuwa uko huko, naweza kukupigia kwa dakika 15 nijue wanaangalia nini wanapoajiri? Ukibanwa, hakuna neno."

Kupunguzwa kumetajwa mara moja, bosi hakulaumiwa, na Salma ameachiwa mlango wa kukataa. Wasifu wako usiutume mpaka auombe. Ukiutuma mapema, anahisi ametwishwa mzigo. Mkimaliza kuongea, muulize ni nani mwingine anayefaa kuzungumza naye.

Usiwaruke watu msioonana nao mara kwa mara. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kuwa wengi waliopata kazi kupitia watu walisaidiwa na wa aina hiyo. Marafiki wa karibu mara nyingi wanajua yale yale unayoyajua wewe.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha mwache.