Nazi ikianguka husema nini?

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Tanga. Aliambiwa ataje mifano mitatu ya tanakali sauti, akaandika 'nyeupe pe', 'pikipiki' na 'watete watete' ya kwenye Ukuti Ukuti. Kakosa yote. Kosa lake ni nini?" — Mama Salma, Ngamiani

Marahaba, Mama Salma. Mwalimu wake ni mkali kidogo, ila ana hoja. Tuanze na nazi, maana hiyo haina ubishi.

Nazi ikidondoka kwenye udongo laini, twasema imeanguka pu! Ikitua kwenye mchanga mkavu, tifu! Ikipiga sakafu, pa! Ikiangukia mtoni Pangani, chubwi! Nazi ni ile ile, kinachobadilika ni mahali inapoangukia, na mdomo unafuata. Tamka pu: midomo inafumba, inaachia ghafla, kisha irabu u inatoka nzito na ya chini, kama kishindo chenyewe. Kwenye tifu, ile f ni pumzi inayokwaruza kati ya meno na mdomo, ndiyo chembe za mchanga zinazotawanyika. Pa haina uzito wa u, mdomo unafunguka wazi na sauti inakatika kavu. Hiyo ndiyo tanakali sauti: neno ambalo matamshi yake yanaiga mlio wa jambo linalotajwa. Wahenga wetu walitunga hata methali kwa milio miwili tu: chururu si ndo ndo ndo. Ndo ni tone moja linalogonga na kukatika, chururu ni maji yasiyokatika, na r ile inayorudiwa ndiyo inayoyatiririsha.

Sasa nampa mwanao vipimo viwili. Cha kwanza, afumbe macho: je, kuna mlio wowote wa kusikia? Cha pili, ajaribu kulipachika neno viambishi. Pu haikubali. Hakuna "nazi inapu" wala "zilipu". Tanakali husimama peke yake, mara nyingi nyuma ya kitenzi.

Nyeupe pe inafaulu kipimo cha pili na kuanguka cha kwanza, kwa sababu weupe hauna mlio. Ni hivyo hivyo kwa nyeusi tii, giza totoro na kulala fofofo. Maneno haya yanaiga hali, yaani namna jambo linavyoonekana au linavyohisiwa. Vitabu vingi huyaweka pamoja na tanakali, ndiyo maana watoto wanachanganyikiwa, lakini swali likisema "sauti", lazima kuwe na sauti.

Pikipiki ni kinyume chake. Mlio upo, hata asiyejua asili ya neno anausikia. Ila siku hizi ni nomino kamili yenye ngeli yake: pikipiki hii, pikipiki zangu, hata kipikipiki cha mtoto. Ni jina lililozaliwa na mlio. Mimi ningempa nusu alama.

Watete watete ndiyo iliyonivutia. Kumbukeni mstari wenyewe: ukuti ukipata upepo, "watete watete watetemeka". Kipande hicho kimekatwa kutoka kwenye kitenzi tetemeka, tena kimebeba kiambishi wa-, cha ukuti wenyewe. Kwa kipimo cha pili kinaanguka. Lakini ukikirudia haraka, t zile zinagongana kama majani makavu ya mnazi yanavyogongana kwenye upepo. Kwa hiyo mtoto alisikia vizuri, alichokosea ni jina. Hapo mtunzi ametumia takriri, yaani kurudia silabi, ili kitenzi cha kawaida kitoe mlio.

Wimbo ukiwa wa kucheza, kurudia hakuna gharama. Kwenye shairi la mizani nane kwa nane, yaani silabi nane kila kipande, kuna gharama, kwani kila mlio unahesabiwa. Tuseme mtu anaandika:

Nazi ikadondoka pu, mchangani tukaona

Mizani zimetimia kila upande, ila sikio linalalamika: mchangani si pu, ni tifu. Akiweka tifu, kipande cha kwanza kinafika mizani tisa na shairi linakuwa guni, yaani lenye kasoro ya mizani. Wengi hapo huikubali pu na kuendelea, na msomaji wa pwani anajua mara moja kwamba mtunzi hajawahi kukaa chini ya mnazi. Mjuzi hutumia inkisari, akafupisha kitenzi badala ya mlio:

Nazi kadondoka tifu, mchangani tukaona

Nane tena, na mlio umekaa mahali pake.

Mwanao akirudia kazi, aandike tifu, chubwi na ndo ndo ndo. Akitaka ya wimbo, basi ile "zum zum zum" ya nyuki inakubalika, ingawa wimbo huo una nduguye wa Kijerumani. Huenda ndiyo maana mlio wake unaishia na m isiyo na irabu, wakati milio yetu mingine yote niliyoitaja hapa inafungwa kwa irabu.