Kesi ya jicho jekundu: usidondoshe dawa kabla hujaangalia

Kwenye mtihani wa vitendo wa macho, kesi yenyewe huja hivi. Mwanamume wa miaka 34, jicho la kulia jekundu kwa siku 4, linauma, mwanga unamkera, na anaona ukungu. Duka la dawa walimpa matone ya kloramfenikoli, hayakusaidia. Jicho la kushoto ni zima. Mtahini anakuuliza: utaendeleaje?

Wanafunzi wengi wanaoanguka hapa wanaijua vizuri orodha ya magonjwa. Maksi zinawapotea kwenye mpangilio wa kupima, maana kila tone unaloweka kwenye jicho linaweza kufuta dalili fulani. Ukishaweka ganzi, huwezi tena kupima hisia za konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Ukishatanua mboni, huwezi tena kusema ilikuwa ndogo au kubwa. Kwa hiyo mwambie mtahini mpangilio wako kwa sauti, na ueleze kwa nini.

Kwenye historia, uliza kwanza kuhusu tongotongo. Kope zinazogandana asubuhi kwa usaha zinaelekeza kwenye maambukizi ya bakteria ya konjaktiva, ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, na kuwasha sana kunaelekeza kwenye mzio. Mgonjwa wetu ana machozi tu. Maumivu ya ndani, kuogopa mwanga na uoni kushuka ndiyo mambo matatu yanayokukataza kusema "ni macho mekundu ya kawaida" na kumrudisha nyumbani. Kisha uliza kama amevaa lenzi za kubandika, kama amepigwa na jani la mahindi au chembe ya chuma, na kama ametia dawa yoyote ya kienyeji au matone ya kuazima. Hilo la mwisho lisisitize, kwa sababu matone mengi yanayouzwa huchanganya antibayotiki na deksamethasoni, na steroidi hiyo huficha kidonda cha konea huku ikikiacha kiendelee kula.

Sasa pima uoni, kila jicho peke yake, kabla hujagusa kitu kingine. Tuseme kulia ni 6/18 na kushoto 6/6. Mwambie asome kupitia tundu dogo. Asiposogea hata mstari mmoja, basi tatizo halitatibiwa na miwani.

Angalia wekundu uko wapi. Wa konjaktiva hukolea pembeni, karibu na mikunjo ya kope, na hupungua unapokaribia konea. Wa mgonjwa huyu ni kinyume: duara la rangi ya zambarau linaloizunguka konea, linalofifia ukielekea nje. Ukiona duara hilo, ugonjwa uko kwenye konea yenyewe, ndani ya chemba ya mbele, yaani nafasi yenye maji nyuma ya konea, au presha ya jicho imepanda. Vitu vitatu tu, na kazi iliyobaki ni kuvitenganisha.

Mboni ndiyo inayoanza kuvitenganisha. Ya kulia ni milimita 2, haina mviringo kamili. Ya kushoto ni milimita 4. Mulika tochi kwenye jicho zima huku umelikinga lile bovu. Akilalamika kwamba lile lililokingwa ndilo linalouma, maumivu yanatoka kwenye misuli ya ndani inayojibana pamoja na mboni, na hilo linakupeleka kwenye uvimbe wa airisi, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Mboni ingekuwa imetanuka kiasi, haitikii mwanga, na konea imefifia, ungesimama hapohapo ukapime presha, maana hiyo ni sura ya glaukoma ya ghafla. Presha hapo huweza kufika milimita 50 za zebaki au zaidi, na kumtanua mboni mgonjwa wa namna hiyo ni kosa kubwa.

Gusa konea zote mbili kwa ncha ya pamba ukitokea pembeni, ulinganishe. Ikiwa upande mgonjwa hausikii vizuri, herpesi inapanda juu kwenye orodha yako.

Kwenye sliti lampu, darubini yenye mwali mwembamba wa kuchungulia jicho, tafuta seli za uvimbe kabla ya kuweka fluoresini, rangi inayoonyesha vidonda vya konea, kwa sababu rangi hiyo ikipenya ndani itakuchanganya, na kutanua mboni kunaweza kumwaga chembe za rangi ya airisi ukazihesabu kama seli za uvimbe. Zima taa za chumba. Fanya mwali uwe na ukubwa wa milimita 1 kwa milimita 1, mwangaza wa juu kabisa, uuinamishe, kisha ulenge nafasi iliyo kati ya konea na lenzi, weusi wa mboni ukiwa nyuma yake. Subiri. Seli huonekana kama vumbi linalopanda na kushuka ndani ya mwali. Ukihesabu 16 hadi 25, hiyo ni daraja la 2; 26 hadi 50 ni la 3. Mgonjwa wetu ana takribani 20, madoa madogo nyuma ya konea sehemu ya chini, na airisi imeshikana na lenzi saa 5 na saa 7. Ndiyo maana mboni haikuwa ya mviringo.

Weka fluoresini sasa. Mstari wenye matawi na vifundo mwishoni ungekuwa kidonda cha herpesi, kinachotibiwa kwa asiklovia, na steroidi ingekipanua. Kidonda chenye kingo zilizochanika kama unyoya, kwa mkulima, kingekutuma ukwangue sampuli ya fangasi. Huyu hana doa lolote. Ndipo unaweka ganzi na kupima presha: kulia 9, kushoto 15. Kushuka huko kunaeleweka, kwa kuwa tishu inayotengeneza maji ya jicho imevimba na kazi imepungua. Ingekuwa 30, ungerudi kufikiria herpesi hata bila kidonda. Tanua mboni mwishoni, uangalie retina. Usiruke hatua hii, kwa sababu doa la toksoplasma nyuma ya jicho linaweza kujificha chini ya uvimbe wa mbele, na matibabu yake ni tofauti.

Jibu: yuveitisi ya mbele ya ghafla, yaani ule uvimbe wa airisi, jicho la kulia. Prednisoloni asiteti 1% kila saa akiwa macho, na saiklopentoleti 1% mara 3 kwa siku ili kutuliza maumivu na kuachanisha airisi na lenzi. Taja kwamba mshikano ukizunguka mboni yote, maji hukwama nyuma na presha hupanda. Mwone tena ndani ya wiki moja, kisha punguza steroidi taratibu kwa takribani wiki 6 ukipima presha kila ziara. Wengi huitaja dozi ya kuanzia wakasahau kupunguza, na dawa ikikatwa ghafla uvimbe hurudi.

Mtahini atauliza vipimo. Vitabu vingi huruhusu kutopima chochote kwenye tukio la kwanza, la jicho moja, lisilo na dalili nyingine. Kwa mazingira yetu ningeomba kipimo cha kaswende, VVU na picha ya kifua, kwani kaswende na kifua kikuu huigiza yuveitisi ya aina yoyote na zote zina tiba. Muulize pia kuhusu mgongo unaokakamaa asubuhi na kulegea akitembea. Akikubali, omba HLA-B27, kipimo cha damu cha alama ya kurithi inayoambatana na ugonjwa huo wa mgongo na yuveitisi.