Shangazi, kila siku mimi ni tairi na grisi tu

*Shangazi, shikamoo. Nipo gereji ya malori hapa Mbeya, mwaka wa tatu sasa. Wenzangu wawili niliojiunga nao wanafungua injini, mimi fomeni ananipa tairi, grisi na kumwaga oili. Nimemwandikia barua agawe kazi ngumu kwa haki. Nimemwambia ananionea, na kwamba hata injini nzima nikipewa naiweza. Niipeleke?*
*Fundi wa Uyole*

Marahaba, mwanangu. Hiyo usiipeleke. Dai lako ni la haki kabisa, ila umeomba kitu ambacho fomeni atakiogopa. Injini iliyofungwa vibaya inaweza kutoka gerejini ikiunguruma vizuri, ikaja kuharibika safarini, na anayeitwa na mwenye gari ni yeye. Breki nazo usianze nazo: kosa lake linaweza kujulikana lori likiwa na mzigo kwenye mteremko wa Iwambi.

Omba kazi ngumu ambayo fomeni anaweza kuikagua kabla injini haijawashwa. Kwenye malori kazi hiyo ni kuseti tapeti, yaani kurekebisha ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye kila vali. Inakufundisha injini inavyopumua, na ukikosea, geji inamwonyesha pale pale.

Chukua injini ya silinda sita za mstari mmoja, yenye mpangilio wa kuwaka 1-5-3-6-2-4. Unaizungusha kwa mkono huku ukitazama vali za silinda ya 6. Moja ikiwa inamalizia kufunga na nyingine inaanza kufungua, silinda ya 1 ipo juu kwenye mgandamizo na vali zake zote zimefunga, basi unaseti za 1. Ukiizungusha theluthi ya mzunguko, zinacheza za 2 na unaseti za 5. Unakwenda hivyo kwa kufuata mpangilio, vituo sita, mizunguko miwili kamili. Kila silinda uliyomaliza iwekee alama ya chaki. Vipimo vinatoka kwenye kitabu cha injini hiyo hiyo, si vya lori la jana. Mara nyingi vali ya moshi hupewa nafasi kubwa kuliko ya hewa, kwa kuwa inapata joto zaidi na kurefuka zaidi.

Wengi huharibu mwishoni. Ukikaza nati, skrubu nayo inazunguka kidogo na nafasi inabadilika, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Nafasi ikibana mno, vali haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja na vali inaungua. Ikilegea mno utasikia kelele ya kugongagonga. Vitabu vingi vinataka injini iwe baridi, kwa hiyo omba lori lililolala gerejini, uanze asubuhi kabla halijawashwa. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, hilo halina shida.

Kabla ya kuandika, weka daftari kwa wiki tatu: tarehe, gari, kazi uliyopewa. Majina ya wenzako usiyaweke kwenye barua. Ukiyaweka, fomeni ataanza kuwatetea wao, na unawahitaji wakufundishe. Hesabu ya kazi zako mwenyewe inatosha. Andika hivi, namba uweke zako:

*Fomeni, shikamoo. Kwa wiki tatu zilizopita nimefanya kazi 31: tairi 14, grisi 9, oili 8. Kazi za injini sikupata hata moja. Naomba lori litakaloingia kuseti tapeti nimshikie fundi, linalofuata niseti mimi yeye akitazama, la tatu niseti peke yangu na wewe upime vali zote kabla ya kufunga kava. Vipimo vya kabla na baada nitaviandika. Ukikuta vali moja haipo sawa, nitarudia zote muda wangu wa mapumziko. Kazi zangu za kawaida nitazimaliza kwanza.*

Hiyo sentensi ya mwisho usiiondoe. Fundi anayefanya tairi bila kulalamika anabeba ratiba ya gereji nzima, na pengine ndiyo sababu hujahamishwa; fomeni anawaza nani atashika tairi. Ukimjibu hilo kabla hajauliza, umemwondolea kisingizio kikubwa.

Mpe jioni gereji ikitulia, mkiwa wawili, kamwe si mbele ya mteja. Akikataa, muulize anataka kuona nini kwanza, ukiandike mbele yake. Akisema "tutaona", mwombe akutajie lori gani. Na yakipita malori matatu ya tapeti bila wewe kuitwa, nenda na daftari kwa mwenye gereji, umwambie fomeni mapema kwamba unakwenda. Daftari hilo litunze hata ukihama: ukienda VETA kupimwa ujuzi ulioupata kazini, utaulizwa umefanya kazi gani, na utakuwa nazo kwa tarehe.